Kuhamisha kazi ya kusasisha utabiri wa upepo kabla toleo la zamani halijafungwa

*Assalaamu alaykum. Ninatunza programu ndogo hapa Pemba inayovuta utabiri wa upepo kila saa kwa vituo sita: Wete, Chake Chake, Mkoani, Nungwi, Mkokotoni na Kizimkazi. Utabiri huo unaingia kwenye ukurasa ambao manahodha wanautazama kwa simu. Mwenye API ametuandikia kwamba toleo la 1 linafungwa Juni 30 na kwamba tuhamie toleo la 2. Nimebadilisha anwani kwenye kompyuta yangu, kazi ikaenda bila kosa lolote na data ikaingia. Mpango wetu unaruhusu maombi 250 kwa siku kwa ufunguo mmoja. Je, nibadilishe kwenye seva niwe nimemaliza, au kuna jambo sijaliona? Nimeambatanisha majibu ya matoleo yote mawili.*

Wa alaykum salaam. Usibadilishe kwenye seva bado. Huko kwenda bila kosa ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu nimeyaweka majibu yako mawili ubavu kwa ubavu na nimeona kwamba programu yako inayapokea yote mawili kwa furaha ile ile, ilhali hayasemi jambo moja. Tazama mstari wa kituo cha Mkoani katika kila jibu:

```
v1: {"time": "2026-04-20T15:00",  "wind_speed": 20.4, "wind_gust": 27.0}
v2: {"time": "2026-04-20T12:00Z", "wind_speed": 10.5, "wind_gust": 13.9}
```

Huu ni upepo mmoja wa saa moja. Toleo la 1 linatoa kasi kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa, na toleo la 2 linatoa kwa mita kwa sekunde, lakini jina la sehemu limebaki `wind_speed` pale pale. Mita moja kwa sekunde ni noti 1.94, kwa hiyo ukurasa wako ungeonesha karibu nusu ya upepo uliopo baharini, na nahodha anayeamua kwamba noti 20 ni za kubaki bandarini angesoma 10 akatweka tanga. Saa nazo zimehama. Toleo la 1 lilitoa saa za kwetu, na la 2 linatoa saa za UTC, ambazo sisi tumezitangulia kwa saa 3, na ndiyo maana ya hiyo herufi `Z` mwishoni. Programu ikiipuuza, saa 12:00 ya UTC itaandikwa ukurasani kuwa saa sita mchana, na kila mstari utasogea kwa masaa matatu. Mtu atakayetazama mstari wa saa tisa alasiri, wakati upepo wa bahari umeshika kasi, atakuwa anasoma upepo wa saa kumi na mbili jioni, ambao mara nyingi umeshaanza kulala.

Makosa ya namna hii hayalii. Lau jina la sehemu lingebadilika, programu ingeanguka siku ya kwanza nawe ungejua. Jina likibaki na maana ikabadilika, seva inarudisha `200`, yaani namba ya kusema mambo yako sawa, jedwali linajaa namba zinazofanana na upepo, na wa kwanza kugundua anakuwa yule aliyeko baharini. Ninalisema hili kwa sababu limenikuta. Katika kazi moja niliyoifanya Unguja, tulihamisha kazi kama hii wakati wa tanga mbili, kusi haijaingia na kaskazi imeshaondoka. Upepo ulikuwa noti sita, sisi tukaonesha tatu, na hapana aliyeshtuka kwa sababu bahari ilikuwa shwari kweli. Wiki kadhaa baadaye akapiga simu mzee mmoja wa Mkokotoni akasema, "Mwanangu, hichi kibao chenu kinasema noti tisa, nami leo siku ya pili nimekaa pwani, bahari haipitiki." Alikuwa na subira na adabu, na maneno yake yaliniuma zaidi kuliko angelinigombeza. Tangu siku ile sihamishi data yoyote ya kipimo bila ya kuiendesha kwanza kwa kivuli, na kivuli ndicho nitakachokieleza kwa urefu, kwa kuwa mengine yote yanakitegemea.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ya kuyathibitisha, nayo hayachukui muda. La kwanza ni tarehe yenyewe. Barua inasema Juni 30, lakini baadhi ya watoaji huiandika pia katika vichwa vya majibu, na kuna kanuni zilizokwisha kuwekwa kwa ajili hiyo: kichwa cha `Sunset` kiliwekwa na RFC 8594 mwaka 2019, na kichwa cha `Deprecation` na RFC 9745 mwaka 2025. Wengine wana ishara zao wenyewe. Huduma ya utabiri ya Norway, kwa mfano, hurudisha namba ya hali `203` badala ya `200` pale bidhaa inapokaribia kuondolewa. Ukiomba vichwa peke yake kwa `curl -sI` na kukuta mistari kama hii:

```
Deprecation: @1767225600
Sunset: Tue, 30 Jun 2026 23:59:59 GMT
```

basi wa kwanza unasema kwamba toleo limetangazwa kuwa la kuachwa tangu Januari 1, 2026, na linaendelea kufanya kazi. Wa pili ndio unaosema lini litazimwa. Kwa saa zetu huo mwisho unaangukia saa tisa kasoro dakika moja ya usiku wa kuamkia Julai 1, yaani wakati ambao hapana mtu aliye macho mbele ya seva. Kwa hiyo Juni 30 si siku yako ya kazi. Jiwekee siku yako mwenyewe, wiki mbili kabla, na sababu yake nitaifikia.

La pili ni kujua nani mwengine anatumia ufunguo huo. Vituo sita mara masaa 24 ni maombi 144 kwa siku. Ingia katika ukurasa wa akaunti yako uangalie hesabu ya matumizi: ikiwa ni 144, uko peke yako. Ikiwa ni 168, kuna programu nyengine inayoomba mara moja kila saa, pengine ile kompyuta ya zamani iliyotumika kwa majaribio mwaka juzi na ikasahauliwa ikiwa imewashwa. Itafute sasa, kwani utakapofika kuhesabu maombi ya matoleo mawili kwa pamoja, hayo 24 yatakupita njiani.

Sasa kivuli. Maana yake ni kwamba kazi ya toleo la 1 inaendelea kama ilivyo, bila kuguswa, na pembeni yake inaendeshwa kazi ya pili inayovuta toleo la 2 na kuandika katika jedwali lake lenyewe, ambalo ukurasa wa manahodha haulisomi. Kwa wiki tano au sita matoleo yote mawili yanaingia kwa data halisi ya bahari halisi, na wewe ndiye pekee unayeona la pili. Hesabu ya maombi inataka uangalifu hapa. Ukiendesha yote mawili kila saa utafika maombi 288, umevuka 250, na mtoaji ataanza kukurudishia `429`, yaani umeomba kupita kiasi, jioni, labda kwa kazi ile ile ambayo watu wanaitegemea. Endesha toleo la 2 kila baada ya masaa mawili: 72 na 144 ni 216, na unabaki na nafasi ya kurudia ombi lililoshindwa.

```
5 * * * *    /opt/upepo/vuta_v1.sh
8 */2 * * *  /opt/upepo/vuta_v2.sh
```

Nimeziachanisha kwa dakika tatu tu kwa makusudi. Mifumo mikubwa ya utabiri wa dunia, GFS na ule wa ECMWF, huanza hesabu mpya mara nne kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 za UTC, na kila inapotoka hesabu mpya namba za saa zile zile hubadilika kidogo. Ukivuta toleo moja kabla ya badiliko hilo na jengine baada yake, utalinganisha tabiri mbili tofauti na kudhani umepata kosa la programu. Katika majibu yako yote mawili ninaona sehemu ya `model_run`, inayosema namba zimetoka katika hesabu ipi. Ihifadhi, na linganisha mistari yenye `model_run` moja tu.

Andika katika jedwali la kivuli namba kama zilivyokuja, kwa mita kwa sekunde, na saa kwa UTC. Hifadhi pia jibu zima kama faili, lile la toleo la 1 na lile la toleo la 2, kila mara. Faili hizo ni ndogo, na baada ya Juni 30 hutaweza tena kumuuliza mtoaji toleo la 1 lilisema nini. Ugeuzaji wa vipimo na saa uwe mahali pamoja tu, mwishoni kabisa, pale data inapoelekea ukurasani. Nimeona mara nyingi watu wawili wakirekebisha saa katika sehemu mbili za programu moja, kila mmoja akiongeza tatu kwa nia njema, na ukurasa ukawa mbele ya UTC kwa masaa sita badala ya matatu. Kwetu kosa hilo linajificha vizuri zaidi, kwa kuwa masaa sita ndiyo tofauti iliyopo baina ya saa ya kompyuta na saa tunayoitamka, na mtu akiona 15 ikigeuka 21, ambayo katika saa ya namba 12 ni 9, anaridhika kwamba mambo yako sawa.

Kulinganisha kwenyewe kuanze na kuhesabu mistari. Ikiwa kila kituo kinapewa utabiri wa masaa 72, basi kila mvuto uwe na mistari 432, na ikiwa toleo la 2 limeleta 360 ujue kwamba kituo kimoja hakikuja, labda kwa sababu jina lake limeandikwa kwa namna nyengine. Ukiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye kulinganisha kasi, kituo kilichokosekana hakitaonekana, kwa sababu `JOIN` ya kawaida huacha kimya kimya kila kisicho na mwenzake. Baada ya hesabu ya mistari kukubaliana, uliza hivi, ambapo `saa_utc` ya toleo la 1 ni saa yake ikitolewa masaa matatu:

```sql
SELECT a.kituo, a.saa_utc, a.kasi_noti,
       b.kasi_ms * 1.94384 AS kasi_mpya
FROM v1_upepo a
JOIN v2_upepo b
  ON b.kituo = a.kituo
 AND b.saa_utc = a.saa_utc
 AND b.model_run = a.model_run
WHERE ABS(a.kasi_noti - b.kasi_ms * 1.94384) > 1.5;
```

Sikutaka zilingane sawasawa, na wewe usitake. Toleo jipya linaweza kukata desimali kwa namna yake au kuchukua nukta ya ramani iliyo kilomita chache pembeni, na kwa kituo kama Mkokotoni, ambacho mbele yake kuna kisiwa cha Tumbatu, kilomita chache ni tofauti ya nchi kavu na maji. Noti moja na nusu ni uvumilivu unaofaa kuanzia. Kinachohitaji jicho lako ni sura ya tofauti. Tofauti ndogo zilizotawanyika, mara juu mara chini, ni za kawaida. Ikiwa thamani mpya ni 0.51 ya ile ya zamani katika kila mstari, ni kipimo. Ikiwa mistari haikubaliani lakini ukisukuma moja kwa masaa matatu inakaa sawa, ni saa. Na ikiwa vituo vitano vinakubaliana na kimoja hakikubaliani kamwe, ni mahali. Angalia latitudo na longitudo ya hicho kimoja. Kwa ukaguzi wa mkono chukua pia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania la siku yenye upepo mkali: wao hutangaza kwa kilomita kwa saa, na kilomita 40 kwa saa ni noti 21.6 au mita 11.1 kwa sekunde. Tangazo la eneo zima halitalingana na kituo chako kimoja, lakini ukurasa wako ukionesha noti 11 siku hiyo huna haja ya swali jengine.

Kuna jambo moja katika sampuli zako ambalo ulinganishi huo hautaligusa, nalo limo ndani ya programu yako mwenyewe. Toleo la 2 halitoi `wind_gust`, ule mpulizo wa ghafla, kuanzia saa ya 49 na kuendelea. Linaiacha sehemu hiyo kabisa. Na programu yako inasoma hivi:

```python
mpulizo = saa.get("wind_gust", 0)
```

Ile sifuri ilikuwa haina madhara kwa sababu toleo la 1 lilitoa mpulizo kwa masaa yote. Sasa itageuza "hatujui" kuwa "hapana mpulizo", na hayo ni maneno mawili ambayo baharini hayakaribiani. Ondoa sifuri, acha thamani iwe tupu katika jedwali, na ukurasani iandikwe kistari. Kwa `wind_speed` fanya kinyume chake: isome kwa `saa["wind_speed"]`, ili ikikosekana kazi ianguke kwa kelele na data ya zamani ibaki mahali pake.

Barua imekuja Aprili, na hilo ni jema, kwa kuwa kivuli chako kitapita katika Mei na nusu ya Juni, wakati kusi inashika. Usikubali kukifunga kabla hakijashuhudia angalau siku chache za noti 18 na zaidi katika vituo vya kusini, Kizimkazi na Mkoani. Kwa noti tano, kosa la nusu nzima linakuwa noti mbili na nusu, na macho yanalisamehe.

Siku ya kuhama isiwe siku ya kufuta kitu na kuandika kingine. Ukurasa usome kupitia mwonekano mmoja wa hifadhidata, ambao kwa kila kituo huangalia safu ya `toleo` katika jedwali la vituo na kuchukua data ya jedwali husika, ikiwa imeshageuzwa kuwa noti na saa za kwetu. Kazi zote mbili zinaendelea kuvuta, na kinachobadilika ni upande unaosomwa tu. Anza na kituo kimoja:

```sql
UPDATE vituo SET toleo = 2 WHERE kituo = 'wete';
```

Ukiona tatizo, unaandika 1 mahali pa 2 na kituo kimerudi katika sekunde ile ile, na data ya zamani iko tayari na mbichi kwa sababu haikuacha kuingia. Uzuri wa njia hii uko hapo, na ndiyo sababu ya wiki mbili nilizozitaja: kurudi nyuma kunawezekana tu wakati toleo la 1 bado liko hai. Anayehama Juni 29 ana usiku mmoja wa kurudi, na baada yake hana pa kurudia. Kwa hesabu yangu, Wete ihame Jumatatu Juni 8, vituo vingine viwe vimehama Juni 15, na kivuli kiwe kimeanza mapema Mei. Eid el-Hajj mwaka huu inatarajiwa kiasi cha Mei 27, kwa kufuata mwandamo. Kivuli kitaendelea chenyewe siku hizo bila kuhitaji mtu, lakini usipange kuhamisha chochote mkesha wa sikukuu wala Ijumaa. Wete ikihama, badilisha ratiba ili toleo la 2 livute kila saa na la 1 kila masaa mawili, hesabu ya 216 ibaki ile ile. Mpigie simu nahodha mmoja wa Wete unayemwamini, umwambie kwamba kibao kimebadilishwa chanzo, na umuombe akwambie kila siku anachokiona nje. Hapana kipimo cha kompyuta kitakachokupa kile atakachokupa yeye.

Weka pia ulinzi wa kudumu, kwa sababu hata baada ya kuhama salama toleo la 2 nalo linaweza kukuletea jibu tupu lenye `200`. Kazi ikusanye mistari yote kwanza, ihakikishe ni 432 na kwamba hapana kasi iliyo chini ya sifuri au zaidi ya mita 40 kwa sekunde, ndipo iandike, yote katika muamala mmoja. Isipotimia, isiandike chochote. Kengele isitegemee kama kazi "imefaulu". Iangalie umri wa `model_run` iliyoko ukurasani. Hesabu hutoka kila masaa sita, na GFS huchukua kiasi cha masaa manne au matano hadi kukamilika, kwa hiyo utabiri wenye umri wa masaa 10 au 11 ni wa kawaida. Ukifika 13, ujumbe uje kwenye simu yako, na ukurasa wenyewe useme waziwazi utabiri huu ni wa lini.

Juni 23, ikiwa vituo vyote sita vimetulia, zima kazi ya toleo la 1 kwa mkono wako mwenyewe. Barua inasema toleo la 2 linakubali ufunguo kupitia kichwa cha `Authorization`, basi toa ufunguo mpya kwa ajili yake na ufute ule wa zamani siku hiyo hiyo. Kama kuna programu nyengine mahali fulani iliyokuwa ikiutumia bila ya wewe kujua, itanyamaza mchana huku wewe upo na toleo la 1 bado linapumua kwa siku saba nyengine. Majedwali na faili za toleo la 1 usizifute mpaka Oktoba. Kusi ya Julai na Agosti ikileta swali kutoka kwa nahodha yeyote, utataka kuyaweka tena majibu mawili ubavu kwa ubavu, kama nilivyofanya mimi na sampuli zako.